Sura ya Nne: Jina la Mwajiri Kabla ya Hela

Tangazo lenyewe huwa fupi. Nafasi za kazi Oman, mji wa Maskati. Kazi za ndani na usafi wa maofisi. Chakula na malazi bure, mshahara unaanzia riyali mia na ishirini. Visa ipo, safari ndani ya wiki mbili. Njoo na pasi, picha mbili na laki tatu na nusu ya kushughulikia.

Ukilisoma haraka utaona kila kitu kimo: nchi, mji, kazi, mshahara, hata siku ya kuondoka. Kinachokosekana ni anayeajiri. Hakuna jina la kampuni wala la mwenye nyumba, na si kwamba mwandishi amesahau. Sura hii inahusu swali ambalo mtafuta kazi wa Tanga, Unguja, Mombasa au Kampala anapaswa kujibiwa kabla hajatoa hata shilingi: nani hasa ananiajiri, na nitamthibitishaje nikiwa bado nyumbani?

Kwa nini jina lazima liwepo

Nchini Oman mgeni hapewi ruhusa ya kufanya kazi kwa ujumla, kisha akatafute bosi akishafika. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri aliyeko Oman kwa Wizara ya Kazi, na visa hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman kwa kuegemea kibali hicho. Mwajiri ndiye mdhamini wa mgeni, yule ambaye wafanyakazi wote wa Uarabuni humwita kafili. Jina lake limo kwenye visa, na baadaye limo kwenye kumbukumbu za ukaazi.

Hapo ndipo ulipo msingi wa sura nzima. Wakala akikwambia visa ipo tayari, basi kuna mtu au kampuni iliyoiomba, na jina hilo tayari limeandikwa serikalini. Haiwezekani visa ya kazi iwe tayari na mwajiri awe bado hajulikani. Anayedai vyote viwili anakudanganya katika kimojawapo: ama visa haipo, ama ipo lakini si ya kazi, ama mwajiri anajulikana ila hataki umjue.

Jina hilo lina uzito hata baada ya kufika, kwa sababu kuhama kutoka kwa kafili mmoja kwenda kwa mwingine si jambo la kuamka asubuhi na kufungasha. Mfanyakazi wa ndani anayeondoka bila ridhaa ya mwajiri anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na taarifa hiyo humgeuza mkosaji hata kama alikuwa akidhulumiwa. Shirika la Human Rights Watch liliandika habari za wafanyakazi wa ndani Oman mwaka 2016, na mwaka 2017 likatoa ripoti nyingine iliyowahusu Watanzania waliofanya kazi Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Katika ripoti hizo kuna wanawake waliokuta kazi, mshahara au nyumba tofauti na walivyoahidiwa, na wengine walionyang'anywa pasi na simu. Ripoti ya 2016 inaeleza pia jinsi baadhi yao walivyopitishwa Falme za Kiarabu, wakavushwa mpaka hadi Buraimi, na huko wakakabidhiwa kwa waajiri ambao hawakuwahi kuwasikia. Mtu anayesafirishwa hivyo hawezi kuuliza habari za mwajiri wake, kwa kuwa siku anaondoka nyumbani mwajiri huyo hajapatikana bado.

Kuna waliokosa kujua hata nchi. Katika habari za BBC kuhusu wanawake wa Malawi waliotumikishwa Oman, yumo dereva wa Lilongwe aliyeambiwa anakwenda Dubai. Alitambua kuwa ametapeliwa ndege ilipotua Maskati.

Mlipaji wa haki ni nani

Kabla ya kuuliza jina, ni vizuri kujua hela ya biashara hii hutoka wapi, maana mwelekeo wa hela ni ushahidi wa kwanza. Familia ya Maskati inapotaka mfanyakazi wa ndani huenda kwenye ofisi ya uajiri, huchagua mtu kwa picha, video au maelezo yake, kisha huilipa ofisi. Malipo hayo ni mamia ya riyali, na mara nyingi huvuka elfu moja. Riyali ya Oman imefungwa kwenye dola, na moja ni sawa na dola 2.60, kwa hiyo riyali elfu moja ni zaidi ya shilingi milioni sita za Tanzania. Ndani ya kiasi hicho wakala wa Dar es Salaam au Mombasa ana fungu lake.

Kwa maana hiyo wakala mwenye kazi ya kweli tayari ana mtu wa kumlipa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kuwa mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Nchi hutofautiana katika namna ya kuifuata kanuni hiyo, lakini hoja yake inafaa popote: anayetafutiwa mtu ndiye alipe. Wakala ambaye mapato yake yote yanatoka mifukoni mwa wasafiri hahitaji mwajiri. Anahitaji wasafiri tu, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo anavyofaidi, wafike wasifike.

Zipo gharama ambazo mtu anaweza kujilipia bila shaka, kwa kuwa hati zinabaki kuwa zake. Pasi ya kusafiria ya Tanzania, tangu zilipoanza pasi za kielektroniki mwaka 2018, iliwekewa kiwango cha shilingi 150,000, na hulipwa serikalini kwa namba ya malipo inayotolewa kwa jina la mwombaji. Cheti cha polisi nacho kina njia yake rasmi. Fedha za namna hii lipa mwenyewe, kwa namba uliyoipata mwenyewe, na risiti ikae kwako. Kinachotia shaka ni "hela ya visa", "hela ya kushika nafasi" au "hela ya faili" inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Uombaji wa visa ya kazi uko mikononi mwa mwajiri, kwa hiyo ukiombwa hela yake una haki ya kuuliza: mwajiri yupi?

Anza na wakala mwenyewe

Kumuuliza habari za mwajiri mtu asiye na leseni ni kupoteza muda, kwa hiyo leseni ndiyo ya kwanza. Tanzania Bara mawakala binafsi wa ajira wako chini ya Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2014, na ofisi ya kuulizia ni Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, maarufu kama TaESA. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na mlango wa kubisha ni Kamisheni ya Kazi. Kenya kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, yenye orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye neaims.go.ke. Uganda ni Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, inayotumia mfumo wa eemis.mglsd.go.ug.

Leseni iliyotundikwa ukutani si uthibitisho, kwani karatasi yoyote inaweza kuchapishwa steshenari. Soma jina na namba iliyoko ukutani, kisha ulitafute jina hilo kwenye orodha ya serikali au uwapigie simu. Linganisha herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda jina linalofanana na la wakala anayejulikana, likiwa na neno moja zaidi au pungufu. Tazama tarehe ya kwisha. Halafu chukua namba ya simu iliyoko kwenye orodha, uipigie, na uulize kama aliyekupokea ni mtu wao. Wapo wanaojiita maajenti wa wakala mwenye leseni na wakala mwenyewe hawajui.

Ukishajua kuwa wakala yupo kihalali, bado hujui kama kazi ipo. Wakala mwenye leseni safi anaweza kutangaza nafasi hewa. Hapo ndipo linapoingia swali la mwajiri.

Namna ya kuuliza

Uliza kwa maandishi, kwa adabu, na uulize vitu vinavyoweza kuhakikishwa. "Mwajiri ni nani?" ikiachwa hivyo hivyo hujibiwa "ni familia nzuri sana, watu wa dini". Ujumbe kama huu unatosha:

"Assalaam alaykum kaka. Nimeipokea nafasi ya Maskati na ninaihitaji. Kabla ya malipo yoyote naomba unitumie jina kamili la mwajiri kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, mahali anapokaa na namba yake ya simu. Kama ni kampuni, naomba jina lake na namba ya usajili wa biashara. Naomba pia jina la ofisi ya Oman mnayofanya nayo kazi, na nakala ya mkataba niusome na wazee nyumbani. Nikishaona hayo nitakuja ofisini."

Kila kitu hapo kina kazi yake. Jina la Muomani kwenye kitambulisho huwa refu: jina lake, bin au binti fulani, babu, na mwisho nisba ya kabila. Ukitumiwa "Mr. Ahmed, Muscat" hujapewa mtu, kwa maana akina Ahmed wa Maskati ni maelfu. Mahali nako kuwe mahali. Mkoa wa Maskati ni mpana, kutoka Sib hadi Matrah na Al Amirat, na nyumba zake hutambuliwa kwa mtaa, namba ya njia na namba ya jengo. Mtu anayemtafutia mfanyakazi nyumba ya Al Khoud au Mawalih anaweza kuvipata hivyo kwa simu moja.

Namba ya simu nayo inasema mengi kabla hujaipiga. Namba za Oman huanza na 968 na kufuatiwa na tarakimu nane. Za mezani kwa Maskati huanza na 24, na za mkononi huanza na 9 au 7. Ukiletewa "mwajiri wa Maskati" mwenye namba ya 971, huyo anatumia simu ya Falme za Kiarabu. Hilo peke yake si kosa, lakini ukikumbuka habari ya Buraimi utaona sababu ya kumuuliza wakala: safari yangu inapitia wapi, na kwa visa gani?

Sikiliza pia namna jibu linavyokuja. Jibu la kawaida ni kwamba habari za mwajiri ni siri ya ofisi, kwa sababu wasafiri humtafuta mwajiri wakamruka wakala. Hofu hiyo ina ukweli kidogo. Suluhisho lake ni rahisi: akuonyeshe mkataba na visa ofisini, uvisome na kunakili kwa kalamu, bila kuondoka navyo. Asiyekubali hata hilo haogopi kurukwa. Jibu la pili ni haraka: nafasi zimebaki mbili, wenzako wameshalipa, leo jioni orodha inafungwa. Mwajiri halisi anayesubiri kibali cha wizara hafungi orodha leo jioni.

Lipo jibu la tatu ambalo si la utapeli, na ni haki kulitenga. Kwa kazi za ndani, wakala anaweza kusema: "Mwajiri bado hajapatikana, dada. Tunakusanya maelezo na video, tunapeleka Maskati, familia zinachagua." Hivyo ndivyo soko linavyokwenda kweli, na anayesema hivyo anasema kweli kuhusu hatua hiyo. Lakini katika hatua hiyo hakuna kazi bado, hakuna visa, na hakuna cha kulipia. Mpe maelezo yako ukitaka, ila pasi yako usimwachie. Akikupigia siku nyingine kwamba umechaguliwa, jina litakuwapo, na maswali yako yanaanzia hapo.

Mfano: kampuni ya usafi ya Ruwi

Tuufuate mfano mmoja hadi mwisho. Nimeutunga, lakini mwendo wake ni ule ule wa matangazo ya kila wiki.

Binti wa Tanga ameambiwa kuna kampuni ya usafi Ruwi, katikati ya biashara za Maskati, inayotaka wanawake ishirini. Wakala anataka shilingi 350,000. Binti anatuma ujumbe tulioutaja. Baada ya siku mbili za "mwajiri ni siri" anatumiwa picha ya barua ya Kiingereza yenye nembo, muhuri wa duara, jina la kampuni, namba ya usajili na namba ya simu ya mkononi.

Barua ya namna hii huwatuliza wengi, na hapo ndipo hela hutoka. Binti yeye anaichukua kama orodha ya vitu vya kukagua. Oman ina daftari la biashara linalosimamiwa na wizara ya biashara, na kupitia business.gov.om mtu anaweza kutafuta kampuni kwa jina au kwa namba ya usajili. Anaanza na namba, kwa sababu jina la Kiarabu likiandikwa kwa herufi za Kilatini huwa na tahajia nyingi, ila namba ni moja. Matokeo yanaweza kuwa matatu. Namba haipo, na habari imekwisha. Au namba ipo, lakini ni ya kampuni nyingine, au ya kampuni ambayo usajili wake hauko hai tena. Au kila kitu kinalingana: jina, namba, Maskati.

Kwa binti wetu kila kitu kinalingana, na hapo ndipo penye mtego. Tapeli mzoefu habuni kampuni. Anachukua kampuni halisi yenye sifa nzuri, ananakili nembo na namba yake ya usajili, halafu anabadilisha kitu kimoja tu, yaani njia ya mawasiliano. Ukimpigia kwa namba iliyoko kwenye barua, atapokea yeye au mwenzake, na atathibitisha kila neno. Kwa hiyo kanuni ni moja: namba ya kupiga usiitoe kwenye karatasi unayoichunguza. Itafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, au kwa mtu aliyeko Maskati anayeweza kupita ofisini.

Binti anaipata namba ya mezani, inaanza na 24, na haifanani na ya kwenye barua. Siku ya kupiga nayo ina maana: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na saa zake ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Anapiga Jumapili saa tatu asubuhi, wakati Maskati ni saa nne. Anayepokea anaweza kuwa Mhindi au Muomani. Kiingereza cha kawaida kinatosha, na mjomba anayekijua anaweza kushika simu. Swali ni fupi: je, mmempa wakala huyu wa Dar es Salaam kazi ya kuwatafutia wasafishaji?

Wakisema ndiyo, binti anauliza mshahara na anayelipa visa, halafu analinganisha na maneno ya wakala. Wakisema hawamjui, amejua alichotaka kujua, na laki tatu na nusu iko nyumbani. Barua ile na namba za wakala anazipeleka TaESA au polisi, kwa sababu wanawake kumi na tisa wengine huenda wametumiwa barua hiyo hiyo.

Mwajiri akiwa ni familia

Nyumba ya mtu haimo kwenye daftari la biashara, na hapa uchunguzi hubadilika. Kinachoweza kukaguliwa kwenye daftari ni ile ofisi ya uajiri ya Oman inayoshirikiana na wakala wako, kwani nayo ni biashara. Ifanyie kama binti alivyoifanyia kampuni ya Ruwi: namba ya usajili, simu iliyopatikana kwingine, na swali kama kweli wana mwajiri wa jina hilo na mfanyakazi wa jina lako.

Kisha kuna ubalozi. Tanzania na Kenya zote zina balozi Maskati. Kwa Watanzania umekuwapo utaratibu wa mikataba ya kazi za ndani kupitishwa kwenye ubalozi huko, na sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na ofisa wa kazi kabla ya mtu kuondoka. Ukiandikia ubalozi usiulize kama mwajiri ni mtu mzuri, hawawezi kukujibu. Uliza kitu chenye jibu: je, umeletwa kwenu mkataba wenye jina la mwajiri huyu na namba ya pasi hii?

Njia ya tatu ni ile ambayo waombaji wa mataifa mengine hawana. Maskati imejaa watu wanaozungumza Kiswahili: Waomani wenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa, wengi wao familia zilizohamia baada ya Mapinduzi ya 1964 na baada ya Sultan Qaboos kuingia madarakani mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje. Ni nadra mtaa wa pwani kukosa mtu mwenye shangazi Sib au binamu Al Khuwair. Ukiwa na jina kamili, mtaa na namba ya njia, mtu wa aina hiyo anaweza kuulizia. Ukiwa na "Mr. Ahmed" hawezi kukusaidia chochote.

Na usiogope kuomba kuzungumza na mwajiri kwa simu. Muulize mambo ambayo mwenye nyumba lazima ayajue: watu wangapi wanaishi hapo, kuna watoto wa umri gani au mgonjwa, chumba cha mfanyakazi kiko wapi, mshahara ni riyali ngapi na unalipwa tarehe gani. Halafu muulize wakala maswali hayo hayo. Wakala akisema watoto wawili na mama wa nyumba akisema sita, wewe hujasafiri bado na tayari umejua mengi.

Visa ni mtihani wa mwisho

Visa ikitoka, isome kabla ya kuaga. Mambo manne yanatosha: jina na namba ya pasi viwe vyako, aina ya visa iwe ya kazi, kazi iliyoandikwa iwe ile uliyoahidiwa, na jina la mdhamini liwe lile lile ulilopewa mwanzo. Visa za Oman hutolewa kielektroniki kupitia evisa.rop.gov.om, tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman, na humo kuna sehemu ya kufuatilia ombi kwa namba ya ombi na namba ya pasi. Ingia mwenyewe, usikubali kuonyeshwa kwenye simu ya wakala.

Ukikuta visa ni ya matembezi na unaambiwa "utabadilishiwa ukifika", simama hapo. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Polisi ya Kifalme ilisitisha kubadilisha visa za utalii na matembezi kuwa za kazi. Anayeingia kwa visa ya matembezi akafanya kazi hana kafili wa kisheria wala mkataba unaotambuliwa, na siku zake zikiisha faini ni zake.

Kazi iliyoandikwa nayo si jambo la kupita nalo haraka. Sheria mpya ya kazi ya Oman, ya amri ya kifalme namba 53 ya mwaka 2023, haiwahusu wafanyakazi wa ndani, ambao wana kanuni zao za peke yao. Aliyeahidiwa kazi ya kampuni ya usafi kisha visa ikaja ya kazi za ndani amehamishwa kutoka sheria moja hadi nyingine, bila kuulizwa. Jina la mdhamini litakuwa la mtu, si la kampuni, na hiyo ndiyo alama ya kutambulia.

Uchunguzi huu unafika wapi

Haya yote yanathibitisha kwamba mwajiri yupo, kazi ipo, na aliyeahidi ndiye aliyeandikwa. Hayathibitishi kwamba mwajiri atalipa kila mwezi au atakupa siku ya kupumzika. Wamo miongoni mwa waliodhulumiwa Oman waliosafiri kihalali, kwa wakala mwenye leseni na visa sahihi. Hakuna daftari linaloonyesha tabia ya mtu ndani ya nyumba yake.

Hata hivyo habari ulizozikusanya zinabaki na kazi baada ya kufika. Mfanyakazi anapokwama, ubalozi na polisi huuliza kwanza mambo yale yale: kafili ni nani, nyumba iko wapi, ofisi iliyokuleta ni ipi. Wengi hushindwa kujibu kwa sababu pasi ilichukuliwa uwanja wa ndege na hawajui hata mtaa waliomo. Kwa hiyo usiku wa kabla ya safari andika kwenye karatasi moja jina kamili la mwajiri, mtaa, njia na jengo, simu yake, jina na namba ya usajili ya ofisi ya Oman, jina la wakala na namba ya leseni yake, na namba ya pasi yako. Karatasi hiyo pamoja na nakala ya visa na mkataba mwachie mtu nyumbani ambaye simu yake haizimwi, na mkubaliane siku ya kwanza ya kuwasiliana ukifika. Ikipita kimya, mtu huyo ana cha kuanzia asubuhi inayofuata: jina la kutaja ubalozini, na nyumba ya kupelekea ulizo.